Hotuba yangu ya Jumamosi: kwa nini tunapandisha bei ya maji. Naomba mnikosoe kabla sijasimama

MamaWaKisima (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya ya watumia maji katika kijiji kimoja cha mkoa wa Singida. Jumamosi saa nne asubuhi tuna mkutano wa watumia maji wote, na mimi ndiye wa kuwaambia kwamba bei inapanda kutoka shilingi 20 kwa ndoo hadi 40. Hotuba nimeiandika, naiweka hapa kama ilivyo. Humu wapo mafundi, wahasibu na watu waliowahi kukaa kwenye kamati kama yangu. Nisomeeni mnionyeshe palipolegea, maana pale mkutanoni sitasamehewa.

*Ndugu zangu watumia maji, wazee wetu, mama zangu, vijana, Mheshimiwa Diwani na Mwenyekiti wa serikali ya kijiji, nawasalimu.*

*Nyote mnakumbuka siku 47 tulizokaa bila maji ya bomba. Tulirudi kuchimba mchangani mtoni, na aliyekuwa na uwezo alinunua kwa bodaboda ndoo moja shilingi 500. Mota ya pampu ilikuwa imeungua. Pampu ile imekaa mita 84 chini ya ardhi, na ili kuitoa mafundi walivuta mabomba 28, moja baada ya jingine, kwa mnyororo. Kuvuta na kurudisha, pampu mpya na mota yake, waya na matengenezo ya paneli vilifika shilingi milioni 7.*

*Fedha hizo zilitoka wapi? Akiba yote ya jumuiya kwa miaka minne ilikuwa milioni 1 na laki 4. Mchango wa shilingi 5,000 kwa kaya tulioupitisha hapahapa ulileta milioni 1 na laki 6, kwa sababu kati ya kaya 520 zilizotoa ni 320. Jumla milioni 3. Milioni 4 zilizobaki ni deni dukani, na mwenye duka alitupa mzigo kwa kutuamini.*

*Sasa mtauliza, maji tunalipia kila siku, kwa nini akiba ilikuwa ndogo hivyo? Naomba tuigawe pamoja ile shilingi 20 unayoitoa kwenye gati. Shilingi saba na nusu ni umeme wa kupandisha maji kwenye tangi. Nne, yaani moja ya tano ya mauzo, ni za mwuza maji anayekaa pale tangu alfajiri. Sita na nusu ni posho ya fundi anayewasha mtambo na ya mhasibu. Moja na kidogo ni koki na viraka vya bomba. Kinachobaki hakifiki shilingi moja. Kwa mwezi mzima, kijiji kizima, zinabaki elfu 29. Kwa mwendo huo pampu ya milioni 7 tungeipata baada ya miaka 20, na hakuna pampu inayokaa chini ya ardhi miaka 20 ikitusubiri.*

*Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka wazi kwamba sisi wa vijijini ndio tutakaobeba gharama za kuendesha na kutengeneza mradi wetu. Sheria ya mwaka 2019 iliyounda RUWASA, wakala wa maji vijijini, ikatupa chombo cha kufanya hivyo, na chombo hicho ndicho sisi tuliokaa hapa. Hatuna mfuko mwingine tofauti na ile ndoo.*

*Kamati inapendekeza ndoo iwe shilingi 40. Hapo zitabaki kama laki 6 na elfu 40 kwa mwezi, deni litaisha ndani ya miezi saba, kisha tuweke akiba ya pampu ijayo. Mkikubali, muhtasari wa mkutano na mapendekezo yetu vinakwenda RUWASA wilayani vipitiwe kabla ya bei kuanza kutumika. Nasubiri maswali yenu.*

Ndiyo hiyo. Karibuni.

---

AlizetiSafi

Mama, hongera kwa kusimama. Ila mimi naona mnahangaika na bei wakati dawa ipo juu ya vichwa vyetu, na Singida jua tunalo mwaka mzima. Fungeni sola, umeme uwe bure, na ndoo ishuke iwe shilingi 10. Kijiji jirani na kwetu wana sola na hawana habari ya luku.

---

FunguNaMizania

Habari Mama Mwenyekiti. Nilikuwa mhasibu wa halmashauri hadi nilipostaafu, na hesabu za vyombo vya maji zimepita sana mikononi mwangu. Kipande cha kuigawa shilingi 20 ni kizuri. Usikiondoe hata mtu akikwambia kirefu. Watu wengi hawajawahi kuonyeshwa ndoo yao inaliwa wapi.

Nina maswali mawili kabla sijasema lolote kuhusu 40. Mita ya kisimani inasoma uniti ngapi kwa mwezi? Na mita za magati zikijumlishwa zinasoma ngapi? Hotuba yako imeanzia kwenye fedha, mimi nataka tuanzie kwenye maji.

Kwa ndugu AlizetiSafi: umeme ni saba na nusu tu katika ile 20. Hata ukiufuta wote inabaki karibu 12 ya watu na koki. Pampu ya sola inavutwa na mnyororo uleule, na juu yake kuna inveta ambayo nayo hufa siku moja na haina huruma kwa bei. Sola inaweza kuwa nzuri, ila haikuondolei haja ya akiba.

---

FundiChini

Mama, shikamoo. Mimi kazi yangu ni pampu za visima, Dodoma na Singida, mwaka wa 14 sasa. Hotuba imenigusa ila ina shimo kubwa. Umesema mota iliungua. Hujasema KWA NINI iliungua.

Mota iliyofungwa vizuri isingekufa baada ya miaka minne, inafika minane au kumi. Kama hamjajua kilichoiua, hata mkitoza shilingi 100 kwa ndoo mtakuwa mnachangia kuunguza nyingine. Je, fundi wenu aliifungua? Waya za ndani zilikuwaje, nyeusi zote au baadhi?

---

Mtungi5Bob

Niko Kitui. Sisi huku mtungi ni shilingi 5 za Kenya na watu wamezoea. Kwetu kwa nyanya kuna pampu ya mkono, Afridev, na hiyo kamati haikusanyi pesa kila siku. Ikiharibika, kila boma linatoa kitu kidogo, mpira unabadilishwa jioni hiyo hiyo na mambo yanaendelea. Kwa nini msifanye hivyo? Mchango wakati wa shida tu. Pesa zikikaa benki ndizo huliwa.

---

FundiChini

Mtungi5Bob, Afridev niliifunga sana nilipoanza kazi. Ile imeundwa makusudi ili wanakijiji wenyewe waivute kwa mkono na kubadilisha mpira. Hii ya Mama imekaa mita 84 na inataka winchi, gari na watu sita. Mchango wa shida ndio waliojaribu, ukaleta milioni 1.6, na maji yakakosekana siku 47. Kwa pampu ya mkono mawazo yako ni sahihi kabisa. Hapa gharama imepita kiwango cha mchango.

---

NdooMbiliKichwani

Shikamoo Mama. Mimi si mtaalamu, ni mchotaji tu, niko Manyoni. Niseme la kwenye foleni.

Hakuna anayelipa shilingi 20. Hiyo sarafu mara ya mwisho kuiona sikumbuki. Tunasema "ndoo tano mia", na mwenye ndoo moja au mbili anaambiwa chenji hakuna, aje kesho achukue zilizobaki, na kesho mwuza maji hakumbuki. Ukiweka 40, mwenye ndoo moja atalipa 50 na mwenye mbili atalipa 100. Kwa hiyo bei yako ya kwenye karatasi ni 40, ya kwenye gati ni 50. Na anayebeba ndoo moja ni bibi na mtoto, wenye mkokoteni wanabeba kumi.

Na jingine. Bei ikipanda maradufu mimi nitaendelea kunywa ya bomba, lakini za kufulia nitarudi mtoni. Sitakuwa peke yangu.

---

MamaWaKisima

Nimesoma yote, nimekaa na kalamu. Najibu kwa zamu.

Mzee FunguNaMizania: mita ya kisimani inasoma karibu uniti 1,200 kwa mwezi. Magati tisa kwa pamoja ni 765. Shule na zahanati zina mita zao, wanatumia kama 135.

FundiChini marahaba. Mota ilifunguliwa mbele yangu. Waya zilikuwa na mafungu, mafungu mawili yalikuwa meusi kama mkaa, la tatu lilikuwa safi, linang'aa rangi yake ya shaba. Fundi alisema "imeungua" basi, akaendelea na kazi.

NdooMbili, marahaba mwanangu. Umenishika pabaya. Nimekaa mwenyekiti miaka miwili na sijawahi kuifikiria bei kwa sarafu.

---

LamboKavu

Kuungua kwa mota ni dalili kwamba kisima kimekauka. Sehemu zetu hizi maji yanashuka kila mwaka. Pampu ikinyonya hewa mota inapata joto inaungua. Msinunue pampu, pimeni kisima kwanza.

---

FundiChini

LamboKavu yuko nusu sahihi. Pampu ikikosa maji mota inakosa cha kuipoza, na inaweza kufa. Lakini kabla haijafa ungeona bomba kwenye tangi linatema, maji yanakatika na kurudi na hewa. Na ukiifungua, ndani ya pampu yenyewe visukuma maji vimeyeyuka au vimelika, na waya za mota zimeungua sawasawa pande zote. Mama, bomba lilikuwa linatema?

Maana ulichokieleza, mawili meusi na moja safi, mimi nimekiona mara nyingi na jina lake nalijua. Ni fezi moja ilipotea, yaani moja ya waya tatu zinazoleta umeme ilikosa umeme. Mota ya fezi tatu ikipoteza moja haisimami palepale. Inaendelea kuzunguka kwa mbili zilizobaki, zinabeba mzigo wa tatu, zinaungua. Lile lisilo na umeme linabaki safi.

Kwenye paneli yenu panatakiwa pawe na rilei ya kulinda fezi. Fezi ikipotea inakata ndani ya sekunde chache. Swali langu la mwisho, na naomba unijibu ukweli hata kama unauma: ile rilei ilikuwa inafanya kazi?

---

MamaWaKisima

Bomba halikuwa linatema. Maji yalikuwa yanakuja vizuri mpaka asubuhi ile.

Kuhusu rilei, nimempigia fundi wetu wa mtambo sasa hivi. Kasema miezi kama mitano kabla ya kuungua ilikuwa inakata kila siku, mara nyingine mara nne, watu wanapiga kelele maji hakuna. Akaunganisha waya moja kwa moja akairuka ili mtambo usizime. Anasema aliitaarifu kamati. Nimefungua daftari la mihtasari. Ni kweli, limeandikwa, na mimi nilikuwepo kikaoni. Tulimpongeza kwa kurudisha maji.

Nimekaa kimya kidogo baada ya kusoma hilo.

---

FundiChini

Mama usijilaumu peke yako, hilo nalikuta kwenye paneli nyingi. Rilei inapokata kila siku inakuambia kwamba laini ya umeme ina tatizo, fezi inalegea mahali. Ilikuwa inafanya kazi yake. Cha kufanya ni kuandika tarehe na saa kila inapokata, kwa wiki mbili tu, na kupeleka karatasi hiyo kwa wenye umeme. Ukiwa na tarehe na saa hawawezi kukwambia ni hisia zako.

Rilei mpya haifiki laki mbili. Hakikisha pampu mpya ISIWASHWE bila hiyo. Na ile ya kukata mota ikizidiwa, ovalodi, isogezwe isome ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha mota. Mafundi wengi wanaipandisha juu ili isisumbue.

---

FunguNaMizania

Sasa na mimi nimepata nilichokuwa nakitafuta, na kinafanana na cha fundi.

Uniti 1,200 zinatoka kisimani. 765 magatini na 135 shule na zahanati zinafanya 900. Uniti 300 kila mwezi hazijulikani zilipo, robo ya maji yenu. Zimepandishwa kwa umeme, luku imekatwa, hazijauzwa.

Kabla ya Jumamosi fanya jambo moja lisilo na gharama. Usiku magati yakishafungwa, zima pampu, panda tangini na fimbo, weka alama ya maji. Rudi baada ya saa kumi. Tangi lenu lina ukubwa gani?

---

AlizetiSafi

Hapo kwenye uniti mnanichanganya. Uniti 1,200 kwa shilingi 350 na kitu kila moja ni zaidi ya laki 4, na Mama kwenye hotuba umeme wake hauwezi kufika huko. Mahesabu yana walakini.

---

FunguNaMizania

Ndugu yangu hizo ni uniti za maji, lita elfu moja kila moja, yaani ndoo 50. Uniti za luku ni nyingine. Pampu yao ikila kama theluthi mbili ya uniti ya umeme kwa kila uniti ya maji, wanatumia uniti kama 790 za luku, na hiyo ni laki 2 na elfu 80 hivi. Inalingana na hotuba. Lakini umenikumbusha: Mama, mkutanoni usitumie neno uniti kabisa. Sema ndoo.

---

MamaWaKisima

Tangi ni la lita 50,000, kimo chake mita mbili na nusu. Nimemtuma fundi na mlinzi leo usiku.

---

MamaWaKisima (siku iliyofuata)

Jamani, maji yameshuka sentimita 14 kwa saa kumi, magati yote yakiwa na kufuli.

---

FunguNaMizania

Tangi lako lina eneo la mita 20 za mraba, kwa hiyo sentimita 14 ni lita 2,800. Kwa saa 24 ni kama lita 6,700, kwa mwezi uniti 200. Mchana magati yakiwa wazi msukumo hupungua na uvujaji nao hupungua kidogo, lakini tuseme hizo ndizo zinazomwagika ardhini. Tafuteni panapoota majani mabichi kiangazi hiki juu ya njia ya bomba, au tope lisilokauka.

Zimebaki uniti 100 ambazo hazivuji. Hizo ama mita za magati zinasoma pungufu, ama kuna maji yanayochotwa bila kupita kwenye mita. Simtuhumu mtu. Chukueni ndoo ya lita 20, jazeni mara kumi kwenye kila gati, mita isome lita 200. Isiposoma hivyo mtajua.

Nikirudi kwenye bei. Hesabu yako ya laki 6 na elfu 40 inadhani watu watachota kilekile. Huyu binti wa Manyoni amekwambia hawatachota. Na tazama hili: ndoo zinazouzwa magatini ukizigawa kwa watu wa kaya 520, kama ni watano watano, mtu mmoja anapata lita 10 hazifiki kwa siku. Sera hiyohiyo ya 2002 uliyoitaja ilisema lita 25. Maana yake tayari zaidi ya nusu ya mahitaji yao wanayapata kwingine. Njia ya mtoni wanaijua.

---

NdooMbiliKichwani

Mama, naomba nipendekeze. Badala ya 40, semeni NDOO TATU MIA. Inaeleweka, sarafu ipo, na mtoto hawezi kupunjwa. Na kwa wenye ndoo moja pawe na daftari la gati: bibi akilipa mia anaandikiwa tatu, anachukua moja leo asubuhi, nyingine jioni, nyingine kesho. Kwa shangazi yangu wanafanya hivyo na hakuna ugomvi.

---

FunguNaMizania

Huyu binti ana akili ya kodi kuliko wengi niliofanya nao kazi. Nimeipiga hesabu. Tuseme uchotaji unashuka kwa 15 katika kila mia. Kwa ndoo tatu mia mtakusanya kama milioni 1 na elfu 83. Toa wauza maji, umeme, fundi, mhasibu na viraka. Inabaki kama laki 3 na elfu 10. Deni linaisha kwa miezi 13 badala ya saba. Mwenye duka ataona ni mingi, kaongee naye na karatasi mkononi.

Baada ya deni, akiba ya pampu ijayo ni kama laki 1 na elfu 17 kwa mwezi ukilenga milioni 7 kwa miaka mitano. Kwa hiyo siku deni likiisha mtakuwa na nafasi ya kuitazama bei tena, hata kuishusha. Liandikwe kwenye muhtasari wa Jumamosi, lisiwe la mdomoni.

---

LamboKavu

Mnaongea vizuri lakini mmeruka shule na zahanati. Uniti 135 kwa mwezi. Wanalipa?

---

MamaWaKisima

Hawalipi. Ankara tunapeleka, tunaambiwa fungu halijaja. Kwa bei ya sasa ni laki 1 na elfu 35 kila mwezi. Nilikuwa sijataka kuliingiza kwenye hotuba kwa sababu mkuu wa shule na mganga watakuwa wamekaa mbele.

---

Mtungi5Bob

Hapo sasa tunafanana. Huku kwetu shule ilifungiwa maji, wazazi wakaja juu, kamati ikang'olewa. Na watoto wakaanza kutumwa na mitungi ya maji kila asubuhi kutoka nyumbani, kwa hivyo maji yalikuwa yale yale, tofauti ni nani alibeba. Sijui dawa, nawaambia tu tulivyopitia.

---

FundiChini

Msiwafungie zahanati. Pale wanazalisha akina mama. Shule mnaweza kuzungumza na kamati ya shule.

---

FunguNaMizania

Mimi sikubaliani na kuacha hivihivi. Deni la shule lisipotajwa mkutanoni, bibi wa ndoo moja ndiye anayelilipa bila kuambiwa. Litajwe. Namna ya kulilipa ndiyo ya kujadili.

---

MamaWaKisima

Nimeandika upya sehemu ya katikati. Yaliyobaki yanakaa kama yalivyo. Naomba muisome:

*Kabla sijawaomba fedha, nina deni la maneno kwenu. Mota yetu haikufa kwa uzee. Kwenye paneli kulikuwa na kifaa cha kuilinda umeme ukiharibika. Kifaa kile kilikuwa kinazima mtambo mara kwa mara, mkalalamika, nasi kamati tukakubali kirukwe kwa waya ili maji yasikatike. Miezi mitano baadaye mota iliungua kwa sababu hiyohiyo ambayo kifaa kilikuwa kinaikataa. Uamuzi ule ulikuwa wetu, na mimi nilikuwa kikaoni. Kifaa kipya kimeshafungwa. Kikizima mtambo, maji yatakosekana saa chache, na fundi ataandika tarehe na saa. Naomba siku hiyo msimwambie akiruke.*

*La pili. Katika kila ndoo nne tunazopandisha, moja haifiki kwenye mauzo. Juzi usiku tulifunga magati yote na maji yalishuka tangini sentimita 14. Bomba linavuja. Kuanzia Jumatatu tunafuata njia ya bomba kwa miguu, na mwenye shamba anayeona tope lisilokauka atuambie. Mita za magati nazo zitapimwa kwa ndoo, mbele yenu.*

*La tatu ndiyo bei. Tulikuwa tumepanga shilingi 40. Tumeiacha. Tunaomba ndoo tatu kwa mia, na daftari kwenye kila gati kwa mwenye kuchukua moja moja. Kwa bei hiyo deni la milioni 4 linaisha kwa miezi 13. Kila mwisho wa mwezi makusanyo na matumizi yatabandikwa ukutani pa ofisi ya kijiji, na mwezi wa 14 tutakaa tena hapa kuitazama bei.*

Kaya 320 zilizotoa zile 5,000 zitauliza kwa nini zinalipa sawa na zile 200 ambazo hazikutoa. Hilo nimeligeuza usiku kucha, sijapata jibu. Kuwarudishia kwa maji inataka daftari jingine, na kamati imegawanyika.

---

NdooMbiliKichwani

Wapeni ndoo za bure hata kumi tu kila kaya, Mama. Si fedha nyingi, ila watajua mmewaona.

---

FunguNaMizania

Ndoo 3,200 ni zaidi ya laki moja kwa bei mpya. Ndani ya mwezi wa kwanza itakuumiza. Ikigawanywa kwa miezi minne labda. Mimi nisingeahidi Jumamosi.

---

FundiChini

Mama, ile mota iliyoungua bado mnayo? Msiiuze chuma chakavu. Iweke mezani mkutanoni ikiwa wazi hivyohivyo, watu wapite waone yale mafungu mawili meusi na lile moja safi.

---

MamaWaKisima

Ipo stoo ya ofisi ya kijiji, imefunikwa kwa gunia. Vijana wawili wataibeba Jumamosi asubuhi. Suala la shule nitalitaja na kiasi chake, kisha nitamwachia mkuu wa shule azungumze mwenyewe. Nitarudi hapa jioni kuwaambia ilivyokuwa.